Je, wajua gemu la brauza linataka kingine zaidi ya bando?

Swali: Nipo Kigoma, nafungua gemu la malori kwenye Chrome, mstari wa kulodi unaenda mpaka mwisho halafu skrini nyeusi tii, na YouTube hapohapo inacheza fresh. Bando lipo, sasa shida nini?

Shida iko ndani ya kompyuta yako, sio hewani. Intaneti kazi yake ni kukuletea mafaili ya gemu tu, yakishafika imemaliza, kuanzia hapo anayechora malori na barabara na vumbi ni mashine yako mwenyewe. Na kwa gemu la 3D brauza haichori yenyewe, inaikabidhi kazi chipu ya grafiksi kwa kupitia njia inayoitwa WebGL, njia ambayo ipo kwenye brauza tangu 2011. Hiyo njia ikiwa imefungwa, gemu linaweza kushuka lote mpaka faili la mwisho halafu likakosa pa kuchorea, ndo unaona weusi. Au njia iko wazi kabisa ila kuna ekstensheni, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, imezuia kipande cha skripti ya gemu, hapo gemu halifiki hata kwenye kuchora. Ni vitu viwili tofauti na dalili zake hazifanani.

Kwanza hili la YouTube maana ndo linalochanganya watu. Video imeshachorwa huko ilikotoka, prosesa ya kawaida inaweza kuifungua bila msaada wa chipu ya grafiksi, labda laptopu ipate moto kidogo na feni ianze kulia. Gemu la 3D hakuna kilichochorwa kabla. Skrini ya laptopu nyingi za bei ya kawaida ni 1366 kwa 768, yaani nukta milioni moja na ushee, na gemu likitaka kwenda laini linazichora upya mara 60 kwa sekunde, piga hesabu ni nukta kama milioni 63 kila sekunde na kila moja inatafutiwa rangi yake. Prosesa ina mikono michache japo yenye akili sana, chipu ya grafiksi ina mikono mingi inayofanya kazi ndogondogo zinazofanana kwa pamoja, ni sawa na dagaa wakishushwa mwaloni Kibirizi, ukiweka mtu mmoja ageuze kichanja kizima peke yake mpaka jua linazama hajamaliza. Ndio maana drafti na karata za kwenye brauza zinafunguka bila shida kwenye kompyuta ileile inayogomea malori. Hiyo yenyewe ni kipimo, zile za kawaida zikikubali na za 3D zote zikagoma, anza kushuku WebGL kabla ya kumlaumu mtu wa mtandao.

Sasa tuifuate laptopu moja ya stationery pale Mwanga ya Kigoma, ambayo dogo wa pale alikuwa analia na gemu la malori hilihili. Kitu cha kwanza kwenye Chrome unaandika juu kabisa pale pa anwani `chrome://gpu` unabonyeza enta. Inakuja kurasa ndefu inatisha ila wewe soma sehemu ya juu tu, `Graphics Feature Status`, tafuta mstari wa `WebGL`. Ukiona `Hardware accelerated` kwa rangi ya kijani basi njia iko wazi na chipu inafanya kazi. Ukiona `Disabled` au maneno yanayoanza na `Software only`, hapo ndo penye ugonjwa. Ya dogo ilikuwa imezimwa, na ukishuka chini kidogo kwenye `Problems Detected` iliandikwa wazi kwamba `GPU access is disabled in chrome://settings`, yaani kuna mtu ameizima kwa mkono kwenye settingi.

Dogo akauliza, "Kaka, nani sasa azime kitu kama hicho?" Jibu ni kwamba mafundi wengi tu. Laptopu ikianza kuwaka-waka skrini, au video ikitoa rangi ya kijani kijani, ushauri wa haraka unaozunguka ni zima hiyo kitu, na kweli mara nyingi skrini inatulia kwa sababu draiva mbovu, yaani programu inayoiongoza chipu ya grafiksi, haiguswi tena. Mteja anafurahi analipa anaondoka, miezi inapita, siku akifungua gemu au ramani ya 3D inagoma na hakuna anayekumbuka. Mimi sioni kama ni dawa, ni kuficha tu draiva mbovu.

Kuiwasha unaenda `chrome://settings/system`, kuna swichi imeandikwa `Use graphics acceleration when available`, kwenye Chrome za zamani ni `Use hardware acceleration when available`, unaiwasha halafu pembeni inatokea `Relaunch`. Hiyo `Relaunch` usiiruke. Watu wanawasha swichi wanarudi kwenye tabo ya gemu wanaona bado nyeusi wanasema haifanyi kazi, wakati Chrome yenyewe haijajifungua upya. Ikishafunguka rudi `chrome://gpu` uhakikishe kijani kimekuja. Ukitaka kupima ukiwa ndani ya kurasa ya gemu lenyewe bonyeza F12, nenda `Console`, andika huu mstari (ukiupesti Chrome inaweza kukulazimisha uandike kwanza `allow pasting`):

```
document.createElement('canvas').getContext('webgl')
```

Ikijibu `null` brauza imekataa kutoa WebGL. Ikijibu `WebGLRenderingContext` imetoa.

Kwenye laptopu ya Mwanga baada ya hapo kijani kikaja, gemu likafunguliwa, mstari wa kulodi ukaenda asilimia 90 ukaganda hapo. Na hapa ndo naona watu wengi wanapokata tamaa, wanadhani walichorekebisha hakikusaidia kumbe ni tatizo la pili limesimama nyuma ya la kwanza. Angalia dalili imebadilika, mwanzo mstari ulikuwa unafika mwisho halafu weusi, sasa haufiki. Ukifungua tena F12 kwenye `Console` unakuta mistari myekundu yenye `net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT`. Hiyo maana yake ombi halikutoka hata nje ya kompyuta, limekatwa na kitu kilichomo ndani ya brauza yako, na karibu kila mara ni ekstensheni ya kuzuia matangazo. Ingekuwa mtandao ndo mbovu ungeona kitu kama `net::ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` au `net::ERR_INTERNET_DISCONNECTED`.

Mtu atauliza tangazo likizuiwa gemu linaumia wapi. Gemu za bure nyingi zinaishi kwa matangazo, kwa hiyo mwenye gemu anaweka skripti ya kampuni ya matangazo mlangoni kabisa, na gemu limeandikwa hivi: subiri skripti ya tangazo iseme niko tayari, ndipo uanze. Ekstensheni haijui habari za gemu, yenyewe ina orodha ya anwani tu, ikiona anwani ya matangazo inakata. Skripti haiji, haisemi niko tayari, gemu linasubiri mpaka kesho. Mwandishi makini angeweka muda wa kuacha kusubiri, ila sio wote wanaweka. Ekstensheni zinazozuia skripti zote bila kuchagua ndo mbaya zaidi maana gemu zima lenyewe ni skripti, hapo hata mstari wa kulodi hauonekani.

Kuthibitisha bila kufuta kitu fungua dirisha la siri, Ctrl+Shift+N, kwa kawaida ekstensheni hazifanyi kazi humo mpaka uwe umeziruhusu mwenyewe. Gemu likikubali humo basi mchawi ni ekstensheni, au mara chache ni mabaki ya zamani ya gemu yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Halafu nenda `chrome://extensions` uzime moja, ujaribu gemu, uzime nyingine, mpaka umjue. Hakuna haja ya kuiondoa kabisa, ekstensheni nyingi za matangazo ukibonyeza alama yake unaweza kuisimamisha kwa tovuti hiyo moja tu. Ndivyo ilivyofanyika Mwanga, na mstari ukavuka 90.

Wa Firefox hapa kuna mtego. Ina kitu inaitwa `Troubleshoot Mode` ambayo inazima ekstensheni zote, na watu wanashauriwa waitumie kupima, sawa, ila hiyohiyo inazima na msaada wa chipu ya grafiksi pia. Kwa hiyo gemu la 3D likigoma humo halijakuambia chochote. Bora uzime ekstensheni kwa mkono pale `about:addons`. Na hali ya WebGL kwa Firefox inasomwa `about:support` sehemu ya `Graphics`, halafu `about:config` kuna `webgl.disabled`, inatakiwa iwe `false`. Kuna watu waliiweka `true` kwa sababu za faragha wakasahau.

Kuna kesi ambayo swichi imewashwa, hakuna ekstensheni, na bado `chrome://gpu` inasema `Software only`. Hii huku kwetu inatokea sana baada ya kupigwa windows mpya. Fundi anapiga windows, anaweka na zile programu za kawaida, draiva ya grafiksi haweki kwa sababu skrini inawaka tu bila hiyo. Utaijua kwa kitu kidogo sana, ukijaribu kupunguza mwanga wa skrini haupungui, na maandishi yanaweza kuonekana makubwa au yamevutwa. Fungua `Device Manager`, kwenye `Display adapters` ukikuta `Microsoft Basic Display Adapter` badala ya jina la Intel au AMD au NVIDIA, basi Windows inatumia draiva ya dharura na Chrome haina chipu ya kuikabidhi kazi. Hapo ukigusa settingi za brauza mpaka asubuhi hupati kitu. Unganisha intaneti uiache `Windows Update` itafute draiva, au ingia tovuti ya aliyetengeneza laptopu utafute kwa modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, ila faili linaweza kuwa la mamia ya MB, jipange na bando.

Na usikimbilie ile ya `chrome://flags/#ignore-gpu-blocklist` ambayo wengi wanaitangaza. Chrome ina orodha ya chipu na draiva inazojua zina kasoro, ikikutana nazo inakataa kuzitumia kwa makusudi, hiyo flagi inaiambia ipuuze orodha. Kwenye laptopu ya zamani isiyo na draiva mpya inaweza kukupa gemu, ila pia inaweza kuangusha brauza nzima katikati ya kazi, kwa hiyo kwenye mashine ya stationery yenye barua za watu usiiguse. Ukiiwasha kwenye ya kwako na kila kitu kikaanza kuganda, irudishe `Default` halafu `Relaunch`.