Tundu halizibiki: jinsi ninavyojua kama itrakonazo inafanya kazi

Ripoti ya CT-skani ilikuwa na mstari mmoja ambao nusura umkoseshe mgonjwa wangu itrakonazo, dawa yake ya kuvu wa mapafu: "Tundu la pafu la kulia, sentimita 5, halijabadilika." Mtoto wake aliyekuja naye aliusoma, akaniuliza, "Dokta, miezi sita yote hii tumekula hasara?" Mama mwenyewe alikuwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kupumzika, ameketi ananitazama.

Nitamwita Mama Lishe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Nimegeuza mambo machache asitambulike. Ana miaka 48. Mwaka 2019 alipata TB iliyothibitishwa kwenye makohozi, akameza dawa miezi sita, akapona. Kilichobaki ni tundu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Miaka mitatu baadaye kikohozi kikarudi, uzito ukashuka kutoka kilo 61 hadi 52, na asubuhi nyingine makohozi yakawa na michirizi ya damu. Kituo alikokwenda kwanza kilimwanzishia tena dawa za TB, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Alipofika kwangu alikuwa mwezi wa nne wa dawa hizo, hajapata nafuu hata kidogo.

Hadithi hii naisikia mara kwa mara. Tundu lililoachwa na TB ni chumba chenye joto na unyevu ambacho damu na kinga ya mwili havifiki vizuri. Mbegu za kuvu aitwaye Aspajilasi tunazivuta kila siku, kutoka kwenye vumbi, nafaka iliyovunda na majani makavu. Pafu zima huzisafisha. Ndani ya tundu huota. Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliwafuatilia watu waliotibiwa TB, na miongoni mwa waliobakiwa na matundu karibu robo walikutwa na aspajilosi sugu ya mapafu. Dalili zake ni zilezile za TB: kukohoa, kukonda, uchovu, damu. Ndiyo maana wengi hurudishiwa dawa za TB mara mbili, mara tatu.

Kwa Mama Lishe tulipima makohozi mara mbili kwa kipimo cha vinasaba, tukayaotesha pia maabara, na TB haikuonekana. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. CT-skani ilionyesha tundu lile, kuta zake zimenenepa hadi milimita 9, na utando wa pafu ulio karibu nalo umevimba. Kingamwili za IgG dhidi ya Aspajilasi zilikuwa juu sana. Dalili za zaidi ya miezi mitatu, picha inayolingana, kingamwili, na TB imeondolewa kwenye orodha: hapo naandika jina la ugonjwa bila kusita.

Lakini sikumpa itrakonazo siku hiyo. Dawa za TB alizokuwa akimeza zina rifampisini, na rifampisini huchochea ini kuivunja itrakonazo kwa kasi kiasi kwamba damuni haibaki ya kutosha. Ukizitoa pamoja ni sawa na kutotoa. Hata ukiisimamisha rifampisini leo, ini huchukua kama wiki mbili kurudi kwenye mwendo wake. Tukasimamisha, tukasubiri wiki mbili, ndipo tukaanza: kapsuli za miligramu 100, mbili asubuhi, mbili jioni.

Siku hiyo ya kuanza nilifanya jambo ambalo sasa siliruki kwa mgonjwa yeyote. Niliandika kwenye jalada vitu tutakavyovitumia kuamua, kabla hatujajua matokeo. Uzito kwenye mizani yangu, bila viatu. Siku ngapi kwa wiki anaona damu. Na kitu kimoja cha maisha yake mwenyewe. Nilimuuliza, "Mama, kazi gani inakushinda sasa ambayo zamani haikukushinda?" Akajibu bila kufikiri: ndoo. Kutoka bombani hadi kibandani kwake ni mwendo mfupi, zamani alibeba ndoo ya lita 20 kichwani moja kwa moja. Sasa anaitua mara tatu njiani. Nikaandika: *ndoo, vituo vitatu*.

Kuna madodoso marefu ya kupima hali ya wagonjwa wa mapafu, na kwenye utafiti ni mazuri. Kliniki yenye watu arobaini kwenye benchi, ndoo inatosha.

Wiki ya sita alirudi. Kilo 51.5. Damu siku tatu kwa wiki, kama mwanzo. Vituo vitatu. Wiki sita ni mapema mno kusema dawa imeshindwa, lakini si mapema kuuliza kama dawa inaingia. Penye maabara ya kupima kiwango cha itrakonazo kwenye damu, ungepima baada ya wiki mbili hivi, ukitafuta angalau miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita kabla ya dozi inayofuata. Mimi sikuwa nacho kipimo hicho, kwa hiyo nilimwomba anisimulie siku yake tangu anapoamka.

Anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto. Anameza kapsuli mbili kwa chai ya rangi, tumbo tupu, kwa sababu ndiyo saa pekee asiyoisahau. Halafu anameza na "ile ya tumbo." Nikauliza ipi. Akatoa kwenye pochi karatasi ya omeprazo aliyonunua duka la dawa, kwa kiungulia.

Basi, tatizo lilikuwa pale pale mezani. Kapsuli ya itrakonazo inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, na chakula kizito huisaidia. Yeye alikuwa anaimeza bila chakula, na tindikali ameizima kwa omeprazo. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa inapita tumboni bila kufyonzwa. (Itrakonazo ya maji ina masharti kinyume, humezwa tumbo likiwa tupu. Wanaohama kutoka moja kwenda nyingine waambiwe.) Tulisimamisha omeprazo, tukahamisha dozi ya kwanza hadi saa tano asubuhi, baada ya wateja wa chai kuondoka, pamoja na sahani yake ya ugali na samaki, na ya pili pamoja na chakula cha usiku. Kiungulia kikizidi, anywe dawa ya kutuliza tindikali saa mbili baada ya kapsuli, si kabla. Kola ya kawaida pia husaidia kapsuli kuyeyuka, lakini sikupenda kumwongezea sukari ya kila siku bila sababu.

Kwa mahesabu yangu, matibabu yalianza siku ile ya wiki ya sita. Mwezi mmoja na nusu baadaye alikuwa kilo 53, damu mara moja kwa wiki, ndoo vituo viwili.

Mwezi wa nne tangu kapsuli za kwanza ndipo nilipodanganyika. Mizani ilisoma 56.5. Muuguzi alipiga makofi, nami nikatabasamu, kilo tatu na nusu kwa mwezi! Akavua kandambili kupanda kitandani, nikaona alama ya mkanda imezama kwenye mguu. Nilibonyeza juu ya kifundo, shimo la kidole likabaki. Presha 152 kwa 94, wakati ilianza na 124 kwa 78. Potasiamu ilikuwa 3.1. Ndoo bado vituo viwili, na hicho ndicho kilichopaswa kunishtua mapema. Nyama haiongezeki kilo tatu mwezi mmoja huku pumzi ikibaki palepale. Yale yalikuwa maji.

Itrakonazo inaweza kufanya hivyo. Inaweza kuudhoofisha moyo, na inaweza pia kuvuruga homoni za tezi za juu ya figo, mwili ukabaki na chumvi na maji huku ukipoteza potasiamu. Moyo kwanza: ukiwa umedhoofika, dawa inasimama. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kilikuwa kizuri. Tukampa potasiamu, tukashusha dozi hadi miligramu 300 kwa siku. Baada ya wiki tatu uvimbe ukaisha, presha ikarudi, mizani ikasoma 54.5. Kwenye karatasi ameshuka kilo mbili. Kwa ukweli, hiyo 54.5 ndiyo ilikuwa nafuu ya kwanza ninayoiamini.

Mwezi wa sita: kilo 55.5, damu hakuna kwa wiki saba, ndoo kituo kimoja. Na picha ile yenye mstari wa "halijabadilika."

Nilimwonyesha mtoto wake picha mbili kwenye kioo, ya zamani na mpya. Tundu ni kovu la TB, na dawa ya kuvu haina uwezo wa kulizibisha. Ukisubiri lifungwe utasubiri hadi kesho kiyama. Kinachobadilika ni kingo zake: kuta zilishuka kutoka milimita 9 hadi 5, na utando uliovimba ulikuwa umepungua. Aliyesoma picha aliulizwa kuhusu tundu, akajibu kuhusu tundu. Tangu hapo kwenye fomu naandika wazi: pima unene wa ukuta, linganisha utando. IgG nayo ilikuwa imeshuka kidogo tu. Hushuka polepole, na kwa wengine haishuki ingawa wanapona, kwa hiyo simbadilishii mtu dawa kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Kama mizani, damu na ndoo vingekuwa vimekwama au vimerudi nyuma, ningeuliza kwa mpangilio. Anameza? Anameza vipi? Kuna dawa nyingine inayoila itrakonazo, kama ya kifafa au efavirenzi ya VVU? TB imerudi? Hapo kuna mtego, maana kipimo cha vinasaba kinaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa mtu aliyewahi kutibiwa, hivyo jibu dhaifu nalithibitisha kwa kuotesha. Na kuna saratani ndani ya kovu? Baada ya hayo yote ndipo ningefikiria kuvu asiyesikia itrakonazo na kuhamia vorikonazo, dawa nyingine ya kuvu.

Mtoto alitaka tusimamishe, kwani kapsuli tatu kwa siku wanazinunua wenyewe. Nikamweleza utafiti wa India uliolinganisha miezi 6 na miezi 12 ya itrakonazo. Ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia 38% ya waliotibiwa miezi 6, na 10% ya waliotibiwa miezi 12. Miezi sita zaidi ni kapsuli kama 540. Walikaa nje kwenye benchi wakajadiliana, wakarudi, mama akasema, "Tumalizie, Dokta. Nitapunguza kuku."

Alimaliza akiwa na kilo 58, ndoo bila kituo. Sasa ni mwezi wa saba bila dawa. Tumekubaliana ajipime kila mwisho wa mwezi kwenye mizani ya duka la jirani, ileile kila mara, na akishuka kilo mbili au akiona damu aje bila kungoja tarehe. Ujumbe wake wa juzi ulisema: "58 na nusu. Ndoo sijabeba, bomba limekatika tangu Jumatatu."