Safari ya Mirihi ni siku ngapi? Usigawanye umbali kwa spidi

Swali hili tunaulizwa sana na wanafunzi wa sekondari hapa Kampala, na wengi wanakuja na jibu tayari. Mwezi wa kumi 2020 Mirihi ilitukaribia hadi kilomita milioni 62 hivi, chombo cha NASA kiitwacho Perseverance kilikuwa kinaenda kama kilomita 39,600 kwa saa, gawanya, unapata siku 65. Hesabu haina kosa, lakini chombo chenyewe kiliondoka 30 Julai 2020 na kutua 18 Februari 2021, yaani siku 203. Sasa hizo siku nyingine zote zimetoka wapi?

Kwanza ile milioni 62 haikai. Dunia inalizunguka Jua kwa siku 365, Mirihi inachukua 687, kwa hiyo pengo linapanuka na kupungua kila siku, kuanzia kama milioni 55 mkikaribiana sana hadi milioni 400 mkiwa pande mbili tofauti za Jua. Siku Perseverance inatua, Mirihi ilikuwa tayari umbali wa milioni 204 kutoka kwetu, redio ilikuwa inachukua dakika 11 na ushee kufika. Na chombo chenyewe kilitembea milioni 471! Hakikukata moja kwa moja, kilipita njia ya kupinda kulizunguka Jua, maana hata kabla ya kuruka kilikuwa kimeshabebwa na Dunia kwa spidi ya kilomita 107,000 kwa saa na hakuna roketi yenye mafuta ya kuifuta hiyo spidi yote ili kiende mstari ulionyooka.

Kuilenga Mirihi ni kama kumpigia pasi winga anayekimbia pembeni pale uwanja wa Namboole, humpigii miguuni alipo, unaupeleka mpira mbele mahali atakapokuwa.

Ukitaka kukadiria mwenyewe, sahau pengo kabisa, angalia njia. Njia nafuu kwa mafuta ni duara lililovutwa kama yai, upande mmoja linagusa njia ya Dunia, upande wa pili linagusa njia ya Mirihi. Hesabu umbali wa Dunia kutoka Jua kuwa 1, basi wa Mirihi ni 1.52. Jumlisha upate 2.52, gawanya kwa mbili, 1.26, huo ndio wastani wa umbali wa njia yako. Hapo unamwita mwanaastronomia Kepler, ambaye mwaka 1619 alionyesha kwamba muda wa mzunguko kwa miaka, ukizidishwa kwa wenyewe, ni sawa na umbali huo ukiandikwa mara tatu na kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe. Kwenye simu andika 1.26 × 1.26 × 1.26, inatoka 2 na chembe tu, kipeuo chake cha pili ni 1.41, huo ni mwaka mmoja na nusu kasoro kwa mzunguko mzima. Sisi tunatumia nusu tu ya mzunguko, kwa hiyo miaka 0.707, siku kama 258.

Sasa tuangalie Mirihi nayo itakuwa wapi. Inatembea nyuzi 0.524 kwa siku, kwa siku 258 inakwenda nyuzi 135, wakati chombo kinakwenda 180. Maana yake siku ya kuondoka Mirihi lazima iwe imetutangulia nyuzi 45 hivi. Mpangilio huo unarudi kila baada ya siku 780, miezi 26. Ndiyo maana Julai 2020 chombo cha Emirati, cha China na cha Marekani viliruka ndani ya wiki mbili hivi, na ndiyo maana InSight, chombo kingine cha NASA ambacho kilikuwa kiende Machi 2016, kilipopatwa na uvujaji kwenye kipimo chake cha mitetemeko, ikabidi kisubiri hadi Mei 2018.

Mbona Perseverance ilitumia 203 na si 258? Ilisukumwa zaidi kidogo, ikaikuta njia ya Mirihi kabla ya kumaliza nusu mzunguko, na pia njia ya Mirihi si duara kamili, kuna upande iko milioni 207 kutoka Jua na upande mwingine milioni 249. Ukisukuma zaidi unafika mapema lakini unafika na spidi kubwa, ngao ya joto inateseka zaidi. Kwa roketi za sasa mimi naamini jibu la miezi sita na nusu hadi tisa. Ukiona mtu kaandika siku 65, ujue kagawanya pengo.

Jaribu na Zuhura, umbali wake ni 0.72. Wastani 0.86, ukimaliza unapata siku 146 hivi, na safari hii sayari inatakiwa iwe nyuma yetu nyuzi 54 siku ya kuondoka, kwa sababu yenyewe inakimbia kuliko chombo.