Matabaka yanapoachana ndani ya bodi ya ndege

Bodi ya ndege ya kompoziti haitengenezwi kwa bati za alumini bali kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ngumu, yaani resini. Nyuzi hulazwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa jembamba kuliko milimita 0.2, kisha huokwa kwa joto na shinikizo mpaka ziwe kipande kimoja. Katika Boeing 787, karibu nusu ya uzito wa muundo ni kompoziti.

Sentimita moja ya ujazo ya kompoziti hii ina takriban gramu 1.6, ya alumini gramu 2.8. Lakini kwangu faida kubwa zaidi ni kwamba mhandisi hulaza nyuzi nyingi kule mzigo unakopita, na chache kwingineko. Isitoshe, haishiki kutu.

Udhaifu wake uko kati ya tabaka na tabaka, maana hapo hakuna uzi unaovuka. Ni resini tu inayoshikilia. Tuseme gari la mizigo limegonga ubavu wa ndege karibu na mlango. Alumini ingebonyea na kubaki hivyo, kila mtu akaona. Kompoziti hunepa, kisha hurudi mahali pake. Rangi inaweza kubaki nzima huku matabaka yameachana ndani, na mara nyingi eneo lililoachana huwa pana zaidi kuelekea upande wa ndani. Ikivutwa, sehemu hiyo bado ina nguvu nyingi, kwa sababu nyuzi hazijakatika. Ikigandamizwa ndipo hatari inapokuja: kila kundi la matabaka hujipinda peke yake, kama kurasa za kitabu kisichogundishwa.

Mkaguzi anaweza kuanza kwa kugongagonga kwa kinyundo kidogo. Palipo pazima hulia kwa mlio mkali, palipoachana hutoa mlio mzito, uliofifia. Njia hii inafaa kwenye ngozi nyembamba ya bodi. Kwenye kipande kinene humficha mkaguzi yaliyo chini.

Hapo hutumika altrasaundi. Mkaguzi hupaka jeli, huweka kipimo juu ya ngozi na kusoma mwangwi kwenye skrini. Sauti hupenya kompoziti kwa takriban milimita 3 kila maikrosekunde. Ngozi ya milimita 4 ikiwa nzima, sauti huenda na kurudi milimita 8, hivyo mwangwi wa upande wa pili hurudi baada ya maikrosekunde 2.7 hivi. Ukirudi baada ya maikrosekunde 1, sauti imekwenda milimita 1.5 tu ikakuta mwanya. Mkaguzi husogeza kipimo taratibu mpaka mwangwi wa nyuma uonekane tena, huweka alama hapo, na kuzunguka hivyo hadi achore mpaka wote. Ukubwa huo ndio anaoulinganisha na kiwango cha mwongozo wa matengenezo.

Kizuizi kimoja kinabaki. Mwanya wa juu huzuia sauti, hivyo ulio chini yake hauonekani. Inapowezekana kufika upande wa ndani, anapima na huko pia.