Randevu na wenye wanaingia tu: namna tunapanga viti vitatu siku ya posho

Saluni yetu iko hapa Goma, upande wa Katindo, tuko vinyozi watatu na viti vitatu. Siku za katikati ya juma hakuna shida, mtu anaingia anakaa anatoka. Shida ni siku ya posho kuanzia saa nane ya mchana, juu kila mtu anataka kuwa na kichwa safi kwa misa au kulte ya kesho, na pia Ijumaa saa za jioni juu Wasabato wanataka kumaliza mbele jua ishuke. Hapo ndipo watu wa randevu na watu wenye wanaingia tu wanakutana mlangoni, na kama haujapanga, wote wawili wanakasirika na wote wawili wako na haki.

Mwanzo tulikosea. Tulichukua kiti kimoja tukasema hiki ni cha randevu, viwili vya wengine. Inaonekana safi, lakini mtu wa randevu akichelewa kiti kinabaki wazi, na pale kwenye banki kuko watu sita wanakiangalia. Utamweleza nini mtu mwenye amengoja saa moja na kiti kiko wazi mbele ya macho yake? Na randevu wawili wakifika pamoja, wa pili anangoja kiti chake kimoja wakati viti vingine vinafunguka. Tukaacha ile. Sasa viti vyote ni vya wote, na kila kiti kikifunguka tunauliza tu zamu ni ya nani.

Ili ujue zamu unapaswa kwanza kujua kichwa kimoja kinakula dakika ngapi kweli. Mimi nilikuwa naapa ni dakika 20. Nikachukua telefone, siku mbili za posho nikaandika saa mtu anakaa na saa mwenye anamfuata anakaa, si saa tondeze inazimwa, hapana, paka mwingine akae, juu katikati kuko kufagia nywele, kupangusa tondeze na alkoli, kubadilisha kitambaa, kutafuta shenji ya franka. Ikatoka karibu dakika 30. Mtoto ni kama 15, degrade pamoja na ndevu inaweza kufika 40, lakini ukichanganya ni 30. Viti vitatu, dakika 30, maana yake kila dakika 10 hivi kiti kimoja kinafunguka, vichwa sita kwa saa. Hiyo dakika 10 ndiyo namba yetu, kila kitu kinatoka pale.

Kwa vile vichwa sita, randevu tunauza mbili tu kwa saa: moja saa kamili, moja nusu. Zingine nne ni za wenye wanaingia. Watu wananiambia ongeza, randevu ni franka za hakika. Nilijaribu tano kwa saa na iliharibika mbele ya saa kumi, juu degrade mbili za dakika 40 zikifuatana unachelewesha wote wa nyuma na hauna pa kukimbilia. Ukiwa na mbili tu, kuchelewa kunamezwa. Na usiziweke pamoja saa moja ile ile, zipishanishe, hivi mtu wa randevu anangoja kiti cha kwanza chenye kinafunguka, dakika 10, ikizidi sana 15. Namwambia hivyo tangu kwa simu: saa tisa yako ni kiti cha kwanza chenye kitafunguka kuanzia saa tisa, si kwamba nitamsimamisha mtu na kichwa nusu.

Listi iko kwenye ubao ukutani, si ndani ya telefone yangu. Randevu kwa rangi nyekundu, wengine kwa nyeusi na saa waliyofika. Na tunaandika vichwa, si watu! Baba akiingia na watoto wawili ni mistari mitatu, juu zamani nilikuwa naandika jina moja, na mwenye yuko nyuma yake anafikiri anangojea mtu mmoja kumbe ni watatu, hapo ndipo kelele zinaanzia.

Niwape mfano wa juzi, saa tisa ya posho. Saa nane na dakika 56 kiti cha kwanza kikafunguka, randevu ya saa tisa alikuwa amekaa pale, akapanda, juu dakika tano mbele tunahesabu ni saa yake. Saa tisa na dakika 5 kiti cha pili, mtoto wa kwanza wa yule baba. Dakika 14 kiti cha tatu, mtoto wa pili. Dakika 20 mtoto wa kwanza amemaliza, baba mwenyewe akapanda pale. Dakika 26 kiti cha kwanza kikafunguka tena. Randevu ya saa tisa na nusu hajafika, basi akapanda mwanafunzi mwenye alikuwa anafuata kwa nyeusi. Dakika 29 kingine, randevu bado, akapanda kijana mwingine. Sifungi kiti kwa mtu mwenye hayuko, hata dakika moja. Randevu akafika dakika 36, alikwama na pikipiki barabarani. Ni chini ya dakika 10 za kuchelewa, kwa hiyo alikuwa bado wa kwanza, akapata kiti cha baba dakika 50. Alingoja dakika 14, hakuna kiti kilichokaa bure, na wote waliona kwenye ubao kwa nini.

Angefika dakika 45, ningemuandika kwa nyeusi chini ya wote. Hiyo inauma, zaidi kwa kliya wa miaka, lakini ukimsamehe mmoja mbele ya watu sita ubao hauna maana tena. Ndiyo sababu mtu anayetaka kupita kwa kuongeza franka tunamkatalia. Zamani nilikubali mara moja, mukubwa mmoja aliniwekea noti mkononi, na kijana wetu mmoja naye akaanza kuuza zamu, ilituchukua wiki nyingi kurudisha watu wenye walikwenda.

Mwenye anataka kinyozi fulani tu, tunamwacha pale pale juu ya listi na anayefuata anapanda. Haendi nyuma, lakini hasimamishi wengine.

Mwenye anaingia tu tunamhesabia robo saa kwa kila kichwa cha nyeusi kiko mbele yake, juu randevu nazo zinakula. Wako vichwa vinne? "Papa, ni kama saa moja, acha namba, nenda sokoni, ikibaki vichwa viwili nakubipu." Wengi wanarudi. Mwenye haambiwi kitu ndiye anaondoka na harudi. Tukibipu na hayuko, kiti kinaenda kwa anayefuata, yeye akirudi anachukua kinachofunguka baadaye.

Kuran ikikatika, kwanza nahesabu tondeze za batri ziko na moto kiasi gani, na siandiki tena mtu wa nyeusi paka nijue kama grupu inawaka.

Jioni naangalia ubao mbele ya kuufuta. Kama randevu wawili walingoja zaidi ya dakika 15, posho inayofuata natoa randevu moja kwa saa zile. Na listi tunaikata saa kumi na moja: tunafunga saa kumi na mbili na nusu, zinabaki dakika 90, ni vichwa tisa, wenye wamekaa tayari kwenye viti na randevu wakiwemo. Wa kumi namwambia pale mlangoni, mbele hajakaa.