Sifa za lazima na sifa za ziada: jinsi ya kuzitenga na kuzipa uzito tofauti

Ukisoma tangazo la kazi ya udereva serikalini, mara nyingi utakuta mwombaji anatakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la C au E aliyoifanyia kazi kwa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Hizo ni sifa za lazima. Chini yake, hasa katika matangazo ya mashirika, huja maneno laini zaidi: "atakayejua huduma ya kwanza atapewa kipaumbele", au "ujuzi wa kompyuta utakuwa sifa ya ziada". Sifa ya lazima ni ile ambayo mtu akiikosa kazi haifanyiki. Sifa ya ziada inaifanya kazi iende vizuri zaidi, lakini bila yake kazi bado inakwenda.

Maelezo hayo ni mepesi hadi siku ya mchujo, maombi arobaini yakiwa mezani. Nimekaa kwenye kamati kadhaa za namna hiyo, na kosa ninaloliona kila mara ni kuorodhesha sifa zote kwenye jedwali moja, kila moja na alama zake, kisha kujumlisha. Hapo sifa ya lazima na ya ziada zinakuwa na thamani sawa, na ile tofauti iliyoandikwa kwenye tangazo inapotea.

Nichukue mfano wa shirika dogo linalotafuta dereva wa Landkruza ya kupeleka watumishi vijijini. Takwimu nimezitunga, ila hali yenyewe nimeiona.

Kazi ya kwanza ni kutenga, na inafanyika kabla ya tangazo kutoka. Kwa kila sifa ninauliza maswali mawili. La kwanza: je, sheria inamruhusu mtu kuifanya kazi hii bila sifa hiyo? Leseni inajibiwa hapo hapo. La pili: akianza kazi bila sifa hiyo, anaweza kufundishwa ndani ya mwezi mmoja bila kuhatarisha mtu wala mali? Kujaza kitabu cha safari, yaani kilomita, mafuta, saa ya kutoka na ya kurudi, watu wengi wangekiweka kwenye lazima kwa sababu ni kazi ya kila siku. Lakini kinafundishika kwa siku mbili, kwa hiyo kiende kwenye ziada. Kuvuka korongo lenye matope msimu wa masika ukiwa na watu watano ndani ya gari hakufundishiki kwa mwezi mmoja. Hicho ni cha lazima.

Kwa shirika letu, sifa za lazima zikabaki leseni, uzoefu wa barabara za vumbi na matope, kukagua na kutunza gari, na kusafirisha abiria safari ndefu. Za ziada zikawa tano: kitabu cha safari, Kiingereza, kompyuta, huduma ya kwanza na cheti cha ufundi wa magari. Kwenye utumishi wa umma kamati haina uhuru mkubwa wa namna hii, kwa sababu sifa za kuingilia kila cheo zimekwishawekwa kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi. Mashirika na kampuni ndiyo yenye nafasi ya kujiuliza, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayonakili tangazo la mwaka juzi.

Leseni haipewi alama, kwa kuwa hakuna nusu leseni. Ni mlango tu: unayo na iko hai, unaingia, huna, ombi lako linaishia hapo. Sifa tatu za lazima zilizobaki zina viwango, hivyo kila moja tunaipa alama kuanzia 0 hadi 4. Sifuri ni pale ambapo hakuna ushahidi wowote kwenye ombi. Mbili ni mtu aliyefanya kazi hiyo na ameitaja kwa mahali na muda. Nne ni aliyeifanya kwa miaka na ana barua ya mwajiri inayosema hivyo. Za ziada nazo zinapewa 0 hadi 4. Kwa hiyo kundi la lazima lina alama 12 kwa jumla, na la ziada lina 20.

Tazama hapo. Kundi lisilo la lazima ndilo lenye alama nyingi zaidi, kwa sababu tu lina vipengele vingi.

Mwombaji namba 7 ameendesha gari la zahanati vijijini kwa miaka sita. Kwenye lazima anapata 4, 4 na 3, jumla 11. Kwenye ziada anapata 5 tu: Kiingereza sifuri, kompyuta sifuri, na vilivyobaki kidogo kidogo. Namba 19 ameendesha mjini miaka miwili, anaandika Kiingereza kizuri, ana vyeti vya kompyuta na huduma ya kwanza. Lazima anapata 1, 2 na 2, jumla 5. Ziada anapata 15. Ukijumlisha kienyeji, namba 7 ana 16 na namba 19 ana 20, na anayeitwa kwenye usaili ni yule ambaye gari litamnasia kwenye tope wiki ya kwanza.

Dawa yake ni kuyapa makundi uzito. Tukikubaliana kwamba lazima ibebe 75 kati ya 100 na ziada 25, hesabu inakuwa hivi:

```
alama = 75 × (lazima ÷ 12) + 25 × (ziada ÷ 20)
```

Namba 7 anapata 68.75 kwenye lazima na 6.25 kwenye ziada, jumla 75. Namba 19 anapata 31.25 na 18.75, jumla 50. Pengo limefunguka, tena kwa upande unaotakiwa.

Usiruke ile kugawanya kwa 12 na kwa 20. Wapo wanaosema "lazima ina uzito mara tatu", wakazidisha alama za lazima kwa 3 na kuziacha za ziada zilivyo. Wanadhani wametoa 75 kwa 25. Lakini 12 mara 3 ni 36, na ziada ni 20, kwa hiyo jumla ni 56, na lazima inabeba kama asilimia 64 tu. Kesho akija bosi akaongeza sifa mbili za ziada, kundi la ziada linafika alama 28, na uzito wa lazima unashuka hadi kama asilimia 56 bila mtu yeyote kuamua hivyo. Ukigawanya kwanza, uzito unabaki pale ulipouweka hata orodha ikirefuka.

Hata hivyo uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo nadhani wengi wanadanganyika. Uzito unapunguza uwezo wa sifa za ziada kuziba pengo la lazima, ila hauuondoi. Mwombaji namba 12 ameendesha mabasi ya lami maisha yake yote. Barabara za matope anapata 0, kutunza gari 4, abiria 4. Jumla 8 kati ya 12, sawa na 50. Ziada ana 16 kati ya 20, sawa na 20. Anafika 70, alama tano tu nyuma ya namba 7, na hajawahi kuendesha gari kwenye barabara tunazomwajiria. Kwa hiyo kila sifa ya lazima iwe na kiwango cha chini. Sisi tuliweka 2. Aliye chini ya 2 kwenye yoyote ya lazima haendelei, hata jumla yake ikiwa kubwa namna gani. Namba 12 anatoka hapo, na namba 19 pia.

Kuna jambo jingine la kuangalia ndani ya kundi la ziada. Kiingereza, kompyuta na cheti cha huduma ya kwanza mara nyingi humkuta mtu mmoja, yule aliyesoma au kuishi mjini. Kwenye jedwali vinaonekana vipengele vitatu, lakini kwa kiasi kikubwa vinapima kitu kimoja, ambacho kinalipwa mara tatu. Unaweza kuligundua hili kwa kutazama safu hizo tatu kwa pamoja: mwenye 4 kwenye moja ana 3 au 4 kwenye nyingine, na mwenye 0 ana 0 kote. Ukiona hivyo, viunganishe viwe kipengele kimoja, au bakiza kile ambacho gari hilo linakihitaji kweli. Mimi ningebakiza huduma ya kwanza.

Kwa nini 75 na 25, na si 80 kwa 20 au 60 kwa 40? Hakuna kanuni inayotoa namba hiyo. Ni uamuzi wa kamati, na ndiyo maana lazima uandikwe na kusainiwa kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa. Uzito ukipangwa baada ya kuona majina, mtu mwenye mpwa wake kwenye orodha atapata sababu nzuri sana ya kupenda 60 kwa 40. Baada ya kupata matokeo, rudia hesabu kwa uzito mwingine uone kama mpangilio unabadilika. Kwa 60 kwa 40, namba 7 anapata 65 na namba 19 anapata 55. Bado yuko mbele. Wawili wakipishana nafasi kwa badiliko dogo la uzito, basi jedwali halijawatenganisha, na wote waitwe kwenye usaili.

Vivyo hivyo kwa alama zinazokaribiana. Mtu wa 71 na mtu wa 73 ni sawa, maana msahihishaji akitoa 3 badala ya 2 kwenye sifa moja ya lazima tayari ameongeza 6.25. Kwa sababu hiyo wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja na karatasi yake, wasitazamiane. Wakitofautiana kwa alama mbili kwenye kipengele kimoja, wanarudi kulisoma ombi pamoja. Mara nyingi inakuwa mmoja alisoma barua ya maombi tu na mwenzake alifika hadi kwenye barua ya mwajiri nyuma kabisa.

Na kwa mwombaji, tangazo linasomwa kwa maneno yake. "Awe na", "angalau", "usiopungua" ni lugha ya mlango na kiwango cha chini. Hapo weka ushahidi wenye mahali, miaka na nakala ya cheti. "Atapewa kipaumbele" na "sifa ya ziada" ni ile sehemu ndogo ya alama. Ukikosa mbili au tatu kati ya hizo, omba. Namba 7 alikuwa amekosa Kiingereza na kompyuta.