Andalio la somo la sauti zinazokaribiana: maana yake, kwa mfano wa f na v

Andalio la somo ni karatasi ya mwalimu inayoeleza somo moja litakavyokwenda: watoto watatoka na nini, watafanya nini kwa dakika ngapi, na mwalimu atajuaje kwamba wameshika. Katika kufundisha alfabeti kwa nyimbo na michezo, kuna aina ya andalio ambayo haifuati mpangilio wa a, b, ch, d. Hukusanya sauti zinazotamkwa mahali pamoja kinywani na kuzifundisha kama ndugu, ili mtoto asikie kinachozitenganisha. P, b na m ni za midomo. T na d ni za ncha ya ulimi. F na v hutoka meno ya juu yanapogusa mdomo wa chini.

Neno “kukaribiana” huwapoteza walimu wengi hapa. Sauti zinaweza kukaribiana sikioni, na herufi zinaweza kukaribiana machoni, na hayo ni mambo mawili. Herufi b na d zinafanana kwa umbo, lakini sauti zake hutoka sehemu tofauti za kinywa. Kuzifundisha siku moja ni kumtafutia mtoto mkanganyiko bure. Kundi zuri la kuanzia ni lile ambalo sauti zinakaribia kufanana ilhali maumbo yameachana kabisa. F na v zina sifa hiyo, ndiyo maana mimi huanza nazo.

Sababu nyingine niliijua baada ya kuaibika. Zamani nilianza na p na b. Niliwaambia watoto waweke kiganja kooni, wataona b inatetemesha koo na p haitetemeshi. Wakasema “pa”, wakasema “ba”. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, zote zinatetemeka.” Alikuwa sahihi. Tumezoea kufundisha kwa silabi, ba be bi bo bu, na kwa kusoma Kiswahili huo ni utaratibu mzuri. Lakini ndani ya “pa” kuna a, na irabu zote hutetemesha koo. P yenyewe hupasuka na kwisha kabla kiganja hakijahisi kitu. F na v hazina shida hiyo, kwa sababu unaweza kuzivuta peke yake, ffffff, vvvvvv, kadiri pumzi itakavyoruhusu. Wataalamu wa lugha huita f sighuna na v ghuna: katika v nyuzi sauti zinatetemeka, katika f zimetulia. Watoto hawahitaji majina hayo. Wanahitaji kusema “hii inalala, hii inaamka”.

Sasa tuone andalio lenyewe, la dakika 30. Lengo liandikwe kwa namna inayoweza kupimwa: mtoto asikie neno linaloanza kwa f au v, ajue ni lipi, na aonyeshe herufi yake. “Mtoto aelewe herufi f na v” si lengo, kwa kuwa huwezi kuliona likitimia.

Dakika 5 za mwanzo ni za kiganja na koo, bila herufi yoyote ubaoni. Darasa zima livute fff, kisha vvv, kisha wabadilishe bila kukata pumzi: fffvvvfffvvv. Huwa wanacheka, na waache wacheke. Angalia jambo moja tu, wasinong’one. Mtu akinong’ona, v hugeuka kuwa kama f, kwa hiyo darasa lililoambiwa liseme kwa kunong’ona huishia na sauti moja.

Wimbo huchukua dakika 8 hivi. Hauhitaji kuwa wimbo mkubwa. Mistari miwili inatosha, kwa lahani yoyote wanayoijua:

Fff, fff, nguo tunafua,
Vvv, vvv, samaki tunavua.

Mstari wa kwanza wanasugua viganja kama wanaofua, wa pili wanavuta mshipi. Kazi ya wimbo huu iko kwenye zile fff na vvv za mwanzo, kwa hiyo zivutwe mapigo mawili au matatu kabla ya neno kuja. Wimbo ukienda mbio, watoto wanaimba lahani na sauti inapotea. Wakishauzoea, mwalimu aimbe sauti ya kwanza tu na wao wajibu kwa kitendo. Hapo ndipo utajua nani anasikia na nani anamfuata jirani.

Baada ya hapo herufi zinaandikwa ubaoni, kwa dakika 5, kila moja ikitajwa kwa sauti yake na si kwa jina lake. Mtoto anayeijua f kama “efu” tu atalisoma fua kama “efu-u-a”.

Mchezo unachukua dakika 8. Chora duara mbili chini, moja yenye F na nyingine yenye V. Mwalimu anataja neno, mtoto anarukia duara lake. Maneno mazuri ni yale yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu: fua na vua, faa na vaa, fika na vika, fuma na vuma. Tatizo la mchezo huu ni kwamba watoto kumi wakiruka pamoja, wawili wanasikia na wanane wanafuata. Dawa ni kuwarusha wawili wawili wakiwa wamepeana mgongo, na wengine wote wakiwa wamefumba macho na kuonyesha kwa mkono: kiganja kooni kwa v, mkono chini kwa f. Tena maneno yasipishane f, v, f, v, kwa kuwa mtoto mwerevu hugundua mpango huo haraka na kuacha kusikiliza.

Dakika 4 zilizobaki ni za kupima, na hazitoshi darasa zima, hivyo chukua watoto wawili au watatu kila siku. Mpe mmoja maneno yote manane kwa mpangilio wa kuchanganya. Anayebahatisha hupata kama manne, kwa hiyo matano hayakuambii kitu. Akipata saba au manane, anasikia. Kisha mwambie ayarudie kwa mdomo. Ukiona anarukia duara sahihi lakini anatamka fua kwa yote mawili, sikio lake ni zima na shida iko kwenye kutamka, basi mrudishe kwenye kiganja na koo. Akirukia duara lisilo lake, kumsahihisha matamshi ni kazi bure kwa sasa. Aanze tena kwa kusikiliza.

Andalio hilihili linabeba s na z bila kubadilika, kwa maneno kama sima na zima, suka na zuka. Halibebi l na r, ingawa ndizo zinazowachanganya wengi zaidi, mpaka mtu akasema mahali akikusudia mahari. Hizo zote mbili hutetemesha koo, kwa hiyo kiganja hakitasaidia kitu. Kipimo chake ni ulimi: kwenye l unagusa ufizi na kukaa hapo, llllll, na kwenye r unagonga na kuachia. Wimbo wake nao uwe wa kukaa na kugonga, na duara la L liwe la kusimama tuli, la R la kurukaruka.