Mimba Isiyopangwa: Kumwambia Mume Wakati Moyo Wako Umegawanyika

Shikamoo dada nesi. Nina mtoto wa miezi tisa, bado ananyonya. Nimepima, nina mimba nyingine. Mume wangu ni dereva wa malori, anarudi Jumamosi. Asubuhi nafurahi, jioni nalia. Nitamwambiaje?

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie furaha na woga siku hiyohiyo, kwenye mazungumzo yaleyale.

Nasema hivyo kwa sababu ya ninayoyaona kliniki. Wapo akina mama wanaotoa habari wakitabasamu ili wasimharibie mwenzao furaha. Mume anashangilia, anampigia mama yake simu, jirani anajua, na mwenye mimba ameshafungiwa mlango. Akianza kulia wiki tatu baadaye, mume anajiuliza, "Kwani si ulifurahi?" Wengine wanatoa habari kwa kilio kitupu, na mume anasikia neno moja tu: hamtaki mtoto wangu. Kila mmoja amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inakuja kuleta ugomvi.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Kwa mfano: "Baba Juma, nimepima, nina mimba. Nimefurahi, na pia naogopa. Nataka uyasikie yote mawili." Tumia "na pia", usitumie "lakini". Ukisema "nimefurahi lakini naogopa", furaha imeshafutwa, na atakachokishika ni woga peke yake.

Kisha utaje unachokiogopa kwa jina lake. "Naogopa" peke yake haimpi mtu pa kushika. "Naogopa kwa sababu mara ya kwanza nilipungukiwa damu, na wewe ulikuwa safarini" ni kitu ambacho mume anaweza kukifanyia kazi. Hata "naogopa fundi cherehani hatanirudisha kazini nikiwa na tumbo" ni woga halali, usione haya kuutaja.

Mwisho umwambie unachotaka kwake usiku ule. Kama unataka asikilize tu, sema hivyo: "Leo usinipe jibu." Wanaume wengi wakisikia tatizo wanakimbilia suluhisho, na suluhisho la haraka humfanya mwanamke ajione hakusikilizwa.

Akinyamaza, mwache anyamaze. Wewe umekaa na habari hii siku kadhaa, yeye ana dakika tano. Neno lake la kwanza usilifanye hukumu.

Kuhusu wakati, usimwambie kwenye simu akiwa barabarani. Wala usimwambie anaposhuka tu kwenye gari, na usingizi wa siku mbili machoni. Ale, alale, mtoto alale, ndipo mkae. Akikushtukia kwenye simu kwamba sauti imebadilika, mwambie kuna jambo la kuzungumza akifika, na si ugonjwa.

Altrasaundi ya tarehe 14 Aprili imesema mimba ina wiki sita. Wiki sita nyuma mume wangu alikuwa Tunduma! Alikuwepo nyumbani tarehe 14 hadi 19 Machi tu, na sijatoka nje ya ndoa. Akihesabu itakuwaje?

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumia bure, kwa hiyo naomba tuhesabu pamoja taratibu.

Umri wa mimba hauhesabiwi kuanzia siku mliyokutana. Unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu ndiyo siku ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Mtu wa altrasaundi naye anapima urefu wa mtoto, kisha anautafsiri kwa hesabu hiyohiyo. Maana yake ni kwamba wiki mbili za mwanzo zinazoandikwa kwenye karatasi ni wiki ambazo mimba haikuwepo kabisa.

Wiki sita kamili nyuma ya tarehe 14 Aprili ni tarehe 3 Machi. Hiyo ni tarehe ya hedhi kwenye hesabu, na mume kweli alikuwa safarini. Kwa mzunguko wa siku 28, yai hutoka kama siku 14 baadaye, yaani karibu na tarehe 17 Machi. Siku hiyo alikuwa nyumbani. Karatasi inakubaliana nawe kabisa.

Ongeza mambo mawili. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi tumboni hadi siku tano zikisubiri yai, kwa hiyo siku ya kukutana na siku ya mimba kutunga si lazima iwe moja. Na altrasaundi ya mapema kama hii inaweza kupishana na hali halisi kwa siku tano hadi saba. Kwa mama anayenyonyesha kama wewe, hedhi huwa bado inayumba, hivyo kipimo cha mapema ni bora kuliko kukisia kwa tarehe.

Usimpe karatasi aisome peke yake. Chukua kalenda ya ukutani, mwoneshe tarehe 3, halafu 17, halafu siku alizokuwepo. Fanya hivyo kabla hajauliza, maana hesabu ikitolewa baada ya shutuma inasikika kama utetezi. Akibaki na shaka, mje wote kliniki. Muuguzi akilieleza jambo hili mbele yenu wawili, hakuna anayekuwa mshtakiwa.

Mimi mwenyewe sijajua ninataka nini. Si afadhali ninyamaze mpaka nijue?

Siku chache, sawa. Miezi, hapana. Moyo uliogawanyika hauungani kwa kusubiri. Akina mama wengine wananiambia walikuwa na hisia mbili mpaka siku ya kujifungua, na wakawa mama wazuri.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya unachokisikia ni mwili. Homoni za mimba changa zinaleta usingizi mzito, na kichefuchefu huanza karibu na wiki ya sita. Mtu aliyetapika tangu alfajiri huku ananyonyesha ataona kila kitu ni kigumu. Hiyo si sababu ya kuuficha woga wako, ni sababu ya kumwambia mume, "Hivi ndivyo ninavyojisikia leo."

Jambo la kliniki ndilo lisilosubiri moyo utulie. Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Wewe umebeba mimba mtoto akiwa na miezi minane, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua. Kwa hiyo ukiogopa kupungukiwa damu, woga huo una msingi, na una kipimo chake: damu ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita kwa mjamzito, ni upungufu unaotibiwa. Utapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Kama ulijifungua kwa upasuaji, sema mapema, kwa sababu kovu ni changa na kujifungulia nyumbani haitafaa. Nenda na mume ikiwezekana; siku hiyo nyote mtapimwa virusi vya UKIMWI.

Kama huzuni imekaa wiki mbili mfululizo, hulali hata mtoto akilala, au unafikiria kujidhuru, usisubiri Jumamosi. Hiyo inaweza kuwa sonona, na ina tiba hata wakati wa mimba.

Mama mkwe atasema nimembemenda mtoto. Mume wangu humsikiliza sana mama yake.

Neno hili linaumiza, na nimewaona akina mama waliomwachisha mtoto ziwa usiku mmoja kwa kuliogopa. Maziwa ya mjamzito hayageuki sumu, wala kukutana na mumeo hakumdhoofishi mtoto. Wazee hawakukosea kuona kwamba mtoto anayepata mdogo wake mapema mara nyingi hukonda. Kinachomkondesha ni kuachishwa ziwa ghafla bila kupewa chakula cha kutosha, na maziwa yenyewe kupungua kadiri mimba inavyokua.

Basi endelea kunyonyesha, isipokuwa mhudumu akikushauri vingine kwa sababu yako maalumu, kwa mfano kutokwa damu. Wa miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku: uji mzito wenye karanga, wali na maharage yaliyopondwa, yai, dagaa waliosagwa, parachichi. Mpeleke akapimwe uzito kila mwezi. Kadi yenye mstari unaopanda itakusemea ukweni.

Na muombe mume jambo moja waziwazi: habari isitoke ndani ya nyumba mpaka mkubaliane siku. Mama mkwe aisikie kutoka kwa mwanawe, si kwako.

Shoga yangu ananiambia ninywe dawa niitoe kabla hajarudi.

Wazo kama hilo likikupitia kichwani, halikufanyi mtu mbaya, na unaweza kumwambia muuguzi bila kukemewa. Akikukemea, tafuta mwingine. Ila usinywe mizizi, majivu, sabuni, wala vidonge vya mtu usiyemjua. Tanzania sheria inaruhusu kutoa mimba kuokoa maisha ya mama tu, na zinazotolewa kwa siri ndizo zinazotuletea akina mama wenye sumu ya damu usiku wa manane.

Kama umeshakunywa kitu, nenda hospitali sasa hivi na useme ukweli wa ulichokunywa. Ukilowesha pedi mbili kubwa kwa saa moja, na saa inayofuata tena, au ukipata homa, maumivu makali au uchafu wenye harufu, hiyo ni dharura. Huduma ya mimba iliyoharibika inatolewa hata kwa aliyejaribu mwenyewe.

Mimi ni msomaji mwingine. Wangu akikasirika huwa anapiga. Nami nimwambie hivyohivyo?

Hapana, dada. Yote niliyoyaandika juu ni kwa mwanamke aliye salama nyumbani kwake. Mimba haipunguzi vipigo; kwa wengine ndipo vinapoanzia.

Anza na kliniki. Mwambie muuguzi mkiwa wawili tu, na uombe lisiandikwe kwenye kadi anayoisoma mume. Kisha umwambie ndugu mmoja unayemwamini, umpe siku na saa utakayozungumza, akae karibu. Zungumza mchana, mlango ukiwa wazi, si jikoni kwenye visu, na mtoto awe kwa jirani. Siku hiyo mwambie habari tu. Hisia zako zibakie kwa huyo ndugu na muuguzi mpaka uone atakavyolipokea. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na huhitaji kuwa umeshapigwa safari hii ndipo uende. Ukipigwa tumboni, au ukiona damu, njoo hospitali kwanza, mengine yatafuata.